Chipu ya 74HC04 inakula batri: kutafuta chanzo kuanzia mapigo ya saa, kisha volti

Kisanduku chetu cha kupima mvua kilikaa juu ya paa la nyumba moja huku Kadutu, Bukavu, mahali ambapo mteremko ni mkali na watu wanataka kujua mvua ya usiku ilikuwa kubwa kiasi gani kabla udongo haujaanza kutembea. Batri yake ilikuwa ya volti 6, ya ampea-saa 4, zile za taa za mkono. Karatasi ya data ya 74HC04, chipu iliyokuwa ndani yake, inasema kwamba ikitulia hailambi zaidi ya maikroampea 2 kwenye joto la nyuzi 25. Kwa hesabu hiyo tulitegemea batri ipite msimu mzima wa mvua. Ilikufa kabla ya wiki tatu kwisha.

Mwongozo huu unafuata njia niliyopita na mdogo wangu mpaka tukajua miliampea zinakwenda wapi. Jambo moja kuhusu maneno: hapa Bukavu ukisema inverta, watu wanafikiria sanduku la kutoa volti 220 kutoka kwenye batri. Mimi nazungumzia kigeuzi cha ndani ya chipu, transista mbili tu: ya P inayounganisha toleo na chanya, na ya N inayoliunganisha na masi. Ingizo likiwa juu, toleo liko chini. Ingizo likiwa chini, toleo liko juu. Ndani ya 74HC04 mna vigeuzi sita vya namna hiyo, mguu wa 14 ukiwa chanya na wa 7 masi. Sisi tulitumia vitatu kwa mfululizo, kupeleka mapigo ya saa ya megahezi 4 kwenye ubao wa pili kupitia kebo ya antena ya televisheni yenye urefu wa mita 1.5.

Dalili ya kwanza: chipu inakula hata saa ikisimamishwa

Usianze na hesabu. Anza kwa kutenganisha aina mbili za ulaji, maana dawa zake hazifanani. Tia multimeta kwenye njia ya mguu wa 14 peke yake, kwenye kipimo cha miliampea. Usitumie kipimo cha maikroampea wakati saa inakimbia, kwa sababu rezista ya ndani ya multimeta itapunguza volti zinazofika kwenye chipu na utakuwa unapima chipu nyingine kabisa. Kapasita ya nanofaradi 100 iwe karibu kabisa na miguu ya 14 na 7, upande wa chipu, baada ya multimeta. Mkondo wa kigeuzi huja kwa vipande vifupi vyenye kilele kikubwa, na bila kapasita hiyo volti za chipu zitatikisika kila pigo.

Sisi tulisoma miliampea 7.1. Kisha tulichomoa waya wa saa, tukaunganisha ingizo lile na masi. Ikabaki miliampea 3.1. Hapo ndipo shaka ilipoanza, kwa kuwa chipu isiyogeuka inapaswa kuwa karibu na sifuri. Mdogo wangu alisogeza kiganja juu ya ubao bila kuugusa, na namba ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.

Namba inayofuata kiganja ni alama ya maingizo yanayoelea. Vigeuzi vitatu ambavyo hatukuvitumia tulikuwa tumeviacha bila waya wowote kwenye ingizo. Ingizo la namna hiyo halina mwenyewe. Linakaa popote, mara nyingi karibu na nusu ya volti za chanya. Kwenye nusu hiyo transista ya P na ya N zote mbili zimefunguka kidogo, na mkondo unapita moja kwa moja kutoka chanya hadi masi bila kufanya kazi yoyote. Tuliunganisha maingizo yote matatu na masi, tukaacha matoleo yake wazi. Mkondo ukaanguka chini ya kile ambacho multimeta yetu inaweza kuonyesha.

Angalia kosa lisilo dogo hapa: unaunganisha maingizo, si matoleo. Toleo likifungwa kwenye masi huku kigeuzi kinalisukuma juu, chipu itapata moto haraka. Kama chipu yako ina moto na saa imesimama, tafuta kwanza toleo linalopigana na kitu, au chipu iliyochomekwa kichwa chini.

Dalili ya pili: ulaji unafuata saa

Tuliporudisha saa, tulisoma miliampea 4.0. Hizi ni za kweli. Zinatoka kwenye kazi yenyewe ya kugeuka.

Kila toleo la kigeuzi linabeba kapasita, hata kama hukuweka kapasita yoyote. Maingizo ya chipu inayofuata ni kapasita, vipande vya chuma ndani ya ubao wa majaribio ni kapasita, kebo ni kapasita. Toleo likipanda, transista ya P inaijaza kapasita hiyo, tuiite C, mpaka volti V. Toleo likishuka, transista ya N inaimwaga kwenye masi. Chaji iliyomwagwa hairudi kwenye batri. Kwa kila mzunguko mmoja wa saa, batri imetoa chaji ya C mara V, na imeitoa ikiwa kwenye volti V. Kwa hiyo:

```
nishati kwa mzunguko   E = C × V²
nguvu                  P = C × V² × f
mkondo wa wastani      I = C × V × f
```

Watu wengi wanaelewa f, yaani masafa ya saa, haraka: ukigeuza mara mbili zaidi kwa sekunde, unamwaga mara mbili zaidi. Mraba wa V ndio unaowasumbua. Fikiria mama anayepandisha maji kutoka Ziwa Kivu kwenda kwenye pipa la nyumbani. Volti zikipanda, nyumba inakuwa juu zaidi mlimani, na wakati huohuo pipa linataka maji mengi zaidi. Kazi imeongezeka kwa sababu mbili tofauti: maji zaidi, na kila lita inapanda juu zaidi. Hiyo ndiyo V mara V.

Tena kuna jambo lililonishangaza nilipolifahamu mara ya kwanza. Katika nishati ile ya C × V², nusu inageuka joto ndani ya transista ya P wakati wa kujaza, na nusu nyingine inakaa kwenye kapasita mpaka transista ya N iigeuze joto wakati wa kumwaga. Mgawanyo huo hautegemei transista ina ukinzani mkubwa au mdogo. Ukiweka transista yenye nguvu, kapasita inajaa upesi zaidi, lakini joto la kila mzunguko ni lilelile. Kwa hiyo kubadilisha chipu ya 74HC na nyingine yenye kasi zaidi, ukidhani itakula kidogo kwa kuwa inamaliza kazi mapema, hakutakusaidia.

Namna ya kuhakikisha kwamba miliampea 4.0 ni za aina hii ni kubadilisha masafa peke yake. Tulikuwa na 74HC4040 kwenye ubao mkuu, kihesabio ambacho kila toleo lake linatoa nusu ya masafa ya lile lililotangulia. Kwa kuhamisha waya mmoja tulipata megahezi 2, halafu megahezi 1:

```
4 MHz    4.0 mA
2 MHz    2.0 mA
1 MHz    1.0 mA
0        ~0
```

Mstari umenyooka na unapita kwenye sifuri. Kama mstari wako unanyooka lakini ukifika sifuri bado mna miliampea, rudi kwenye dalili ya kwanza, bado kuna ingizo linaloelea au toleo linalolisha kitu. Mstari ukinyooka, unaweza kuugeuza kuwa kipimo cha kapasitansi bila chombo kingine:

```
C = I / (V × f) = 0.004 / (5 × 4000000) = 200 pF
```

Pikofaradi 200, wakati karatasi ya data inatoa pikofaradi 20 tu kwa kila kigeuzi kwa ajili ya ulaji wake wa ndani. Vigeuzi vitatu vingekuwa 60. Nyingine zinatoka wapi? Tukachomoa kebo kwenye toleo la mwisho. Mkondo ukashuka hadi miliampea 1.8, yaani pikofaradi 90. Kebo na ubao wa pili peke yake vilikuwa vinabeba 110. Hilo halikupaswa kutushangaza, kwa sababu kebo ya televisheni yenye plastiki nzima ndani ina karibu pikofaradi 67 kwa kila mita, na mita 1.5 zinafika 100. Zaidi ya nusu ya ulaji wa chipu ilikuwa inakwenda kujaza na kumwaga kipande cha kebo mara milioni nne kwa sekunde.

Tuliikata kebo tukaisogeza? Hapana. Ubao wa pili ulikuwa ndani ya nyumba na kipima mvua kiko juu ya paa. Hivyo tukajaribu kifungo cha pili, volti.

Dalili ya tatu: umepunguza volti, na batri haijapona ulivyotarajia

Tulishusha mbao zote mbili kutoka volti 5 hadi 3.3. Nasema zote mbili kwa makusudi. Ukishusha chipu moja tu, ile iliyobaki kwenye volti 5 itasukuma mkondo ndani ya ingizo la iliyoshuka kupitia diodi zake za ulinzi, na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Nguvu ya chipu ilishuka kutoka miliwati 20 hadi karibu 8.7, sawa na mraba wa 3.3 juu ya 5. Lakini mkondo ulishuka kutoka miliampea 4.0 hadi 2.6 tu. Batri yetu ilikuwa inapita kwenye regileta ya miguu mitatu, na regileta ya namna hiyo inachukua kwenye batri miliampea zilezile inazozitoa. Tofauti ya volti inaichoma kuwa joto. Faida ya mraba tuliipata kwenye chipu, na sehemu yake moja tukaipoteza kwenye regileta. Kwa upande wa batri, maisha yalirefuka kwa uwiano wa volti, si wa mraba.

Faida yote utaipata pale tu batri yenyewe inapokuwa ya volti ndogo, au unapotumia regileta ya kukatakata, yenye koili. Familia ya 74HC inakubali volti 2 hadi 6. Hivyo batri ya simu ya zamani, ambayo ikijaa ina volti 4.2 na hupaswi kuishusha chini ya 3, inaweza kulisha chipu bila regileta yoyote. Batri hizo ni nyingi kwenye meza za mafundi wa simu. Chukua isiyovimba, na uache ubao wake mdogo wa ulinzi mahali pake.

Kabla ya kufika hapo, mdogo wangu alitaka kwenda chini zaidi. Aliweka mawe mawili ya tochi yaliyotumika kidogo, volti 2.4, akafurahi kuona miliampea zimeshuka tena. Ndipo ubao ukaanza kuhesabu vibaya.

Dalili ya nne: inakula kidogo, lakini inasoma makosa

Makosa ya aina hii yana tabia yake. Kwenye volti 5 hakuna kosa hata moja. Kwenye 3.3 hakuna. Kwenye 2.4 namba zinaruka ovyo, na ukipunguza masafa kwa volti zilezile makosa yanapotea. Kosa linalokimbia ukipunguza saa ni kosa la kuchelewa. Kosa la waya uliolegea halijali saa.

Kigeuzi kinachelewa kwa sababu ileile inayokifanya kitumie mkondo: kapasita lazima ijae kabla ingizo linalofuata halijaona kwamba kuna kitu kimebadilika. Muda wa kujaa unategemea C na mkondo ambao transista inaweza kuutoa. Transista haianzi kufunguka vizuri mpaka volti za lango lake zipite kizingiti, kitu kama volti 0.7 kwa aina hii. Kwenye volti 4.5 una ziada ya 3.8 ya kuisukuma. Kwenye volti 2 ziada imebaki 1.3. Chaji ya kujaza imepungua kwa nusu na kidogo, lakini mkondo umepungua zaidi sana, na muda unarefuka. Karatasi ya data inatoa ucheleweshaji usiozidi nanosekunde 19 kwenye volti 4.5, na usiozidi 95 kwenye volti 2, kwa mzigo wa pikofaradi 50. Ni mara tano.

Hatukuwa na osiloskopu. Kipimo tulichotumia ni kizuri na kila mtu anaweza kukifanya kwa chipu mbili. Unganisha vigeuzi vitano vya 74HC04 kwa duara, toleo la cha tano likirudi kwenye ingizo la cha kwanza. Kwa kuwa idadi si shufwa, duara halipati pa kutulia na linapiga lenyewe. Kigeuzi cha sita kipokee pigo hilo na kulipeleka kwenye mguu wa 10 wa 74HC4040, mguu wa 11 ukiwa kwenye masi. Mguu wa 1 utatoa masafa yaliyogawanywa kwa 4096, na hayo multimeta yenye kipimo cha hezi inayasoma bila taabu. Hata spika ndogo ya simu yenye rezista itakusikilizisha.

```
ucheleweshaji t = 1 / (2 × 5 × 4096 × F)

5.0 V    F = 3300 Hz    t =  7.4 ns
3.3 V    F = 2200 Hz    t = 11 ns
2.4 V    F =  900 Hz    t = 27 ns
```

Sauti inashuka ukiwa unapunguza volti. Nimewaonyesha vijana wengi jambo hili, na sikio linaelewa kabla ya hesabu.

Sasa fuata safari ya pigo letu. Saa inatoka ubao mkuu, inapita vigeuzi vitatu, inapita kebo, ubao wa pili unajibu kupitia flipu-flopu, saketi inayoshika hali ya ingizo pigo linapofika, na jibu linarudi kwenye kebo ya pili. Ubao mkuu unalisoma jibu nusu ya mzunguko baadaye. Kwenye megahezi 4 nusu ya mzunguko ni nanosekunde 125. Kwenye volti 5 tulikadiria safari nzima kuwa karibu 65: vigeuzi 22, mzigo wa kebo unaoongeza 8 au zaidi kwenye cha mwisho, kebo yenyewe 15 kwenda na kurudi, flipu-flopu 20. Nafasi ipo. Kwenye volti 2.4 vigeuzi peke yake vinachukua 81, kile kinachosukuma kebo kinaongeza kama 30, flipu-flopu inafika karibu 50. Tumeshapita 125 kabla hata ya kuhesabu kebo. Ubao mkuu ulikuwa unasoma jibu la pigo lililopita.

Hapo utaona kwa nini huwezi kukata volti upendavyo. Kushusha V kunashusha nguvu kwa mraba, lakini kunanunuliwa kwa muda, na kwenye megahezi 4 hatukuwa na muda wa kulipa.

Dawa iliyofanya kazi: kushusha saa kwanza

Swali tulilopaswa kujiuliza siku ya kwanza ni hili: mvua inahitaji megahezi 4 kwa kazi gani? Kikombe cha kupima mvua kinapinduka mara chache kwa dakika. Tulitumia megahezi 4 kwa sababu tu tulikuwa na kioo cha kutoa mapigo ya megahezi 4 kwenye ubao wa zamani.

Saa ya ukutani iliyokufa ina ndani yake kioo kidogo cha hezi 32768. Tulikitoa, tukakiweka kwenye 74HC4060, chipu yenye oskileta, saketi inayotoa mapigo yenyewe, na kigawanyi cha hatua 14, ambayo mwisho wake inatoa mapigo 2 kwa sekunde. Kioo hicho ni chembamba, hakipendi kusukumwa kwa nguvu. Kiwekewe rezista ya kiloohmu mia kadhaa upande wa toleo, na ya megaohmu 10 au zaidi kurudi kwenye ingizo.

Kwa hezi 32768, pikofaradi zilezile 200 kwenye volti 5 zinataka maikroampea 33 tu. Kebo ikabaki ndefu kama ilivyokuwa na haikuwa tatizo tena. Nusu ya mzunguko ikawa zaidi ya nanosekunde 15000, hivyo hata ucheleweshaji wa volti 2 ukawa si kitu. Sasa ndipo tuliposhusha volti, tukaweka batri ya simu moja kwa moja, na hakuna namba iliyoruka. Mpangilio ndio huo: masafa yakishuka yanakupa muda, na muda huo ndio unaoulipia volti kushuka. Ukianza na volti, unagonga ukuta wa kuchelewa ukiwa umepata nusu ya faida.

Usitegemee fomula itimie mpaka mwisho. Hatua ya oskileta yenyewe haigeuki kwa haraka. Ingizo lake linapanda na kushuka taratibu kama wimbi, na muda mwingi linapita katikati, pale ambapo transista zote mbili zimefunguka. Mkondo huo haumo kwenye C × V × f. Kwenye masafa madogo ndio unaobaki mkubwa, kwa hiyo pima 4060 peke yake, na kama inakula kupita kiasi ongeza rezista ya toleo na ushushe volti.

Tabia hiyohiyo ilijitokeza mahali pa mwisho. Kila kikombe kilipopinduka, mkondo uliruka juu kwa kitambo, na pinduko moja lilihesabiwa kama matatu au manne. Swichi ya sumaku ya kikombe ilikuwa na rezista ya kiloohmu 10 na kapasita ya maikrofaradi 1 za kutuliza mtikisiko, yaani ingizo lilikuwa linapanda kwa milisekunde 10. Kwenye volti 4.5, 74HC04 inataka mpando usiozidi nanosekunde 500. Tuliweka 74HC14 kwenye soketi ileile; miguu yake imepangwa sawasawa, lakini ina vizingiti viwili, cha kupanda na cha kushuka, na haitetemeki katikati. Pinduko moja, hesabu moja.